Tarehe ipo, lakini haisomeki: kutafuta kosa kwenye bango la mechi au tamasha

Bango lilikuwa limebandikwa siku tatu. Umati ulikuwa umejaa, mikono juu, taa za jukwaani zikikatiza moshi kwa rangi ya dhahabu na bluu. Nililipenda. Kisha mwandaaji akanipigia: "Fundi, mbona watu wananipigia kuuliza siku ya tamasha? Siku si umeiandika?" Nilikuwa nimeiandika, tena kwa herufi za urefu wa sentimita mbili na nusu. Nikaenda kusimama mbele ya bango, hatua kumi nyuma, na nikaona mwenyewe kwamba tarehe imeyeyuka ndani ya mwanga.

Tangu siku ile, nikipewa bango lenye tatizo naanza na swali moja kabla ya mengine: nafasi tupu iliyoachwa kwa ajili ya tarehe na ukumbi ni tupu kweli, au imeachwa tu? Matatizo mengi ya mabango haya yanatokana na hapo, hata yale yanayojitokeza baadaye kwenye karatasi au kwenye simu. Ndiyo maana nayafuata kwa mpangilio yanavyozaliana, kuanzia kwenye picha hadi mkononi mwa msomaji.

Dalili: maandishi meupe yanapotea, ingawa hakuna kitu nyuma yake

"Hakuna kitu" ni hewa, moshi na miale ya taa. Kwa jicho la mpiga picha hapo ni patupu. Kwa herufi, hapo ni mahali pa fujo kuliko sehemu yoyote, kwa sababu mwale mmoja unang'aa karibu na weupe kamili na pembeni yake pana giza, na mpaka kati ya hivyo viwili unapita katikati ya tarakimu. Nusu ya tarakimu inasomeka, nusu inamezwa. Jicho likikosa nusu ya 8 linaona 3.

Fungua dirisha la `Histogram` kwenye Photoshop au GIMP, chagua eneo la tarehe peke yake, kisha tazama namba mbili: `Mean` na `Std Dev`. Ya kwanza ni wastani wa mwanga wa eneo hilo, kutoka 0 ambayo ni nyeusi hadi 255 ambayo ni nyeupe. Ya pili inaonyesha mwanga unayumba kiasi gani kutoka kwenye wastani huo. Wengi hutazama ya kwanza tu, na hapo ndipo wanapokosea. Eneo lenye wastani wa 95 na myumbo wa 8 ni shwari, herufi hukaa juu yake vizuri. Eneo lenye wastani wa 80 na myumbo wa 45 ni jeusi zaidi kwa hesabu, lakini litaharibu kila herufi utakayoweka.

Kuna mpaka mmoja ambao nimeukariri: 118. Kwenye viwango vya usomekaji wa kurasa za wavuti, maandishi ya kawaida hutakiwa yawe na uwiano wa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya kinachokaa nyuma yake. Rangi ya kijivu yenye thamani 118 inafikia uwiano huo kwa shida na herufi nyeupe, na vilevile inaufikia na herufi nyeusi. Ikishuka chini ya hapo, nyeupe inashinda. Ikipanda juu, nyeusi inashinda. Bango si ukurasa wa wavuti, lakini jicho ni lile lile. Kwa hiyo nafasi ya maandishi inatakiwa iwe upande mmoja wa mpaka huo, yote. Ikiwa mwale mmoja uko 240 na giza la pembeni liko 30, hakuna rangi ya herufi itakayookoa hali, kwa sababu nyeupe itakufa kwenye mwale na nyeusi itakufa kwenye giza.

Mimi nalenga 90 badala ya 118, ili nibaki na akiba. Taa za rangi hudanganya kidogo. Njano iliyoiva, kwa mfano yenye thamani 255, 200, 0 za nyekundu, kijani na bluu, ina uwiano wa takriban 1.5 tu na nyeupe, yaani karibu na kutoonekana kabisa, wakati bluu kamili ina uwiano wa 8.6. Hii ndiyo sababu tarehe nyeupe hukaa salama juu ya taa ya bluu na kupotea juu ya taa ya dhahabu, hata kama taa zote mbili zinaonekana kali sawasawa.

Sasa turudi kwenye bango langu. Eneo la tarehe lilikuwa na wastani wa 92 na myumbo wa 58. Miale mitatu ilipishana palepale, kilele chake kikiwa 240. Dawa ya haraka ambayo kila mtu huikimbilia ni kufunika eneo lote kwa leya nyeusi. Nilijaribu kupunguza mwanga kwa nusu: kilele kilishuka hadi 120, bado juu ya mpaka. Ningepunguza zaidi, lakini kila nilivyozidi kupunguza, taa zilikufa na bango likaanza kufanana na picha iliyopigwa umeme ukiwa umekatika.

Kilichonisaidia ni kuelewa kwamba siyo kila mabadiliko ya mwanga yanaumiza herufi. Mwanga unaopanda taratibu kutoka kushoto hadi kulia kwa upana wa bango zima hauna shida, maana jicho linauchukua kama mandhari. Kinachoumiza ni mistari na mabaka yenye unene unaokaribiana na unene wa mguu wa herufi, kwa sababu jicho linayasoma kama sehemu ya herufi. Mwale mwembamba unaopita karibu na 1 ni 1 nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kupunguza mwanga, ondoa kwanza hiyo mistari. Tarakimu zangu zilikuwa na urefu wa pikseli 295 hivi, ambayo ndiyo sentimita mbili na nusu kwa rezolusheni ya pikseli 300 kwa inchi, na mguu wa tarakimu ulikuwa na unene wa takriban pikseli 60. Nilinakili leya ya picha, nikaipitisha `Gaussian Blur` kwa kiasi hicho hicho, pikseli 60, kisha nikaweka barakoa ili ukungu huo ukae nyuma ya tarehe na ukumbi tu, na ufifie polepole kwa umbali wa pikseli 500 kuelekea sehemu nyingine. Wastani ulibaki 92, kwa sababu ukungu haupunguzi mwanga, unautandaza. Myumbo ulishuka kutoka 58 hadi 31, na kilele kutoka 240 hadi 170.

Hapo ndipo nikapunguza mwanga kwa nusu, kwa leya ya kijivu cha katikati, 128, iliyowekwa kwenye `Multiply`. Kilele kikawa 85. Wastani ukawa 46 na myumbo ukawa 15 na kidogo. Rangi ya dhahabu bado inaonekana ikipita nyuma ya tarehe kama moshi wenye joto, na tarehe inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mtazamaji hajui kwamba kuna kilichofanyika. Anadhani mpiga picha alilenga umati na taa za juu zikafifia zenyewe.

Watu wengine badala yake huzungushia herufi mstari mweusi. Nakushauri usifanye hivyo. Mstari huo unaongeza mipaka pale ambapo tatizo lenyewe ni wingi wa mipaka, na bango linachukua sura ya tangazo lililopachikwa juu ya picha ya mtu mwingine.

Dalili: tarehe sasa inasomeka, lakini umati umekufa

Hili hutokea mara nyingi kwa sababu giza limeshushwa kutoka juu hadi chini kwa mpito mmoja mrefu, na ncha yake ya chini imefika kwenye mikono ya watu. Umati wa tamasha hupigwa picha taa zikiwa mbele yao, kwa hiyo kutoka nyuma wanaonekana kama vivuli vyeusi. Kinachowapa uhai ni vitu viwili tu: uzi mwembamba wa mwanga kwenye nywele, vidole na mabega, na ule ukanda angavu ulio kati ya mikono iliyoinuliwa na jukwaa. Ukanda huo ukipungua mwanga, vivuli vinakosa kitu cha kusimama mbele yake na mikono mia moja inageuka donge moja jeusi.

Chukua kipimo kwenye ukanda huo. Unatakiwa uwe sehemu yenye mwanga mwingi kuliko zote kwenye bango, na mimi siuruhusu ushuke chini ya 200. Sogeza ncha ya giza iishie juu ya kidole kirefu kuliko vyote, na iache pumzi kidogo kabla ya kukifikia. Kama hakuna nafasi ya kutosha kati ya vidole na maandishi, ujue picha ni fupi. Usiminye giza, refusha picha.

Kurefusha ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, na ndivyo nafasi tupu nzuri nyingi hupatikana. Tuseme una picha ya mlalo yenye pikseli 6000 kwa 4000 na unataka bango la wima la A3. Ukikata picha iwe wima na kuijaza kwenye karatasi, unabaki na kipande chembamba cha umati, tena lazima ukikuze. Badala yake, tengeneza turubai ya A3 pamoja na milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatia, yaani milimita 303 kwa 426. Kwa rezolusheni ya 300 hiyo ni pikseli 3579 kwa 5031. Weka picha chini kwa ukubwa wake halisi bila kuikuza hata kidogo. Upana unatosha na unabaki, na juu panabaki pikseli 1031 zisizo na kitu. Hizo ni karibu sentimita 9 za nafasi tupu ambazo hazijachukua hata kidole kimoja cha shabiki.

Tatizo la njia hii huonekana pale picha inapokutana na nyongeza: mstari kama wa kisu. Sababu huwa ni rangi. Mtu hujaza nyongeza kwa nyeusi kamili, wakati giza la ukumbi wenye moshi na taa za bluu siyo nyeusi. Ni kitu kama 14, 10, 32. Chukua rangi hiyo kwa zana ya kuchukulia rangi kutoka kwenye kona nyeusi kuliko zote za juu ya picha, jaza nyongeza nayo, kisha iache iteremke juu ya picha kwa pikseli 600 hivi ikififia. Kama taa zenyewe zimekatwa na ukingo wa picha, shusha picha kidogo ili nusu-taa zizame ndani ya mpito. Taa iliyokatwa nusu ndiyo inayofichua uongo kuliko kitu kingine chochote.

Dalili: kwa mechi hakuna mahali palipo tupu kabisa

Picha ya uwanjani ina ugumu wake. Majukwaa yamejaa hadi juu, na kila kichwa, skafu na bendera ni baka lenye ukubwa wa herufi. Ukungu hapa haufai, kwa sababu ukiufifisha umati umefifisha kile ulichokuja kukionyesha.

Shuka chini, kwenye nyasi. Nyasi ni shwari, na taa za uwanja zikiwa zimewaka zinatoa mwanga ulio sawa. Ila pana mtego: nyasi zilizokatwa kwa mistari ya kijani hafifu na kijani kilichoiva mara nyingi zinakaa pande mbili za ule mpaka, mstari mmoja 100 na unaofuata 135. Maandishi meupe yataonekana, yatafifia, yataonekana tena, na hutajua kwa nini. Punguza mwanga wa nyasi kwa asilimia 30 na mistari itakuwa 70 na 95. Bado ni mistari, bado ni uwanja, lakini yote iko upande mmoja. Huku juu umati unabaki na nguvu zake zote.

Kama mechi ni ya mchana na kuna kipande cha anga jeupe, usihangaike kuligeuza kuwa giza. Andika kwa rangi nzito ya jezi ya timu ya nyumbani, mradi iwe nzito kweli. Bluu ya usiku na nyekundu ya damu ya mzee vinafaa. Njano na chungwa, hapana.

Dalili: mistari kama ngazi kwenye giza

Ukishapata mpito wako mzuri wa giza, utazame kwa karibu. Mara nyingi utaona ngazi, mapande mapana ya rangi yaliyopangana badala ya kufifia. Hili si kosa la kompyuta yako. Picha ya kawaida ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, na mpito wako unatumia chache tu kati ya hizo. Mpito unaoteremka kutoka 46 hadi 12 una hatua 34. Ukizitandaza kwenye pikseli 1400, kila hatua inakuwa na upana wa pikseli 41, na kwenye karatasi hiyo ni milimita tatu na nusu. Jicho linaiona.

Dawa yake ni punje. Ongeza `Add Noise` kwa asilimia 1.5 hadi 2, ukichagua `Gaussian` na `Monochromatic`, juu ya mpito na juu ya lile eneo ulilotia ukungu. Punje huchanganya mipaka ya hatua hadi jicho lishindwe kuikamata. Zinafanya na kazi ya pili: picha za tamasha hupigwa gizani na zina punje zake kiasili, ilhali eneo la ukungu limelainika kama plastiki. Ukirudisha punje, kiraka kinapotea.

Ikiwa ngazi zinatoweka kwako na kurudi kwa mteja, uliza alitumiwa vipi. JPEG ya ubora mdogo hufuta punje kwanza kabisa, kwa kuwa inaziona kama takataka, na ngazi zinarejea. Mtumie kama faili, siyo kama picha ya kwenye mazungumzo.

Dalili: kwenye skrini linawaka, kwenye karatasi limezimika

Mchapaji mmoja mtu mzima aliwahi kuniita nikaangalie karatasi ya kwanza ikitoka mtamboni. "Kijana wangu, hii bluu yako imekuwa zambarau," akasema. "Unasema nichape hivihivi?" Nikamwambia, "Hapana mzee, simamisha." Nilirudi kurekebisha, na hadi leo namshukuru, maana angeweza kuchapa zote.

Skrini inatoa mwanga. Karatasi inaurudisha tu. Bluu kali ya taa za jukwaani haimo kabisa kwenye uwezo wa wino nne. Programu inapoibadilisha kwenda CMYK, yaani wino hizo nne, huitafuta kwa kuchanganya samawati na majenta, na majenta ikikaribia wingi wa samawati, bluu inageuka zambarau. Rekebisha mwenyewe kabla ya kupeleka: hakikisha majenta iko chini ya samawati kwa angalau asilimia 30. Samawati 100 na majenta 65 itabaki bluu, ingawa haitawaka kama kwenye skrini. Kubali hasara hiyo mapema kwa kufungua `Proof Colors` tangu mwanzo wa kazi na siyo mwishoni, ili uchague picha ambayo haitegemei bluu hiyo peke yake.

Umati nao huzama. Kila tone la wino hutanuka kidogo likigusa karatasi, kwa hiyo vivuli vya 10, 18 na 25 vilivyotofautiana kwenye skrini vinakuwa weusi mmoja. Inua kidogo vivuli vya umati, huku ukiacha lile giza la juu lilivyo. Kwenye skrini utaona kama umezidisha. Omba uchapiwe kipande kimoja tu, chenye mikono na mabega, kwenye karatasi ile ile itakayotumika, na ukitazame mchana.

Jambo la mwisho la uchapaji ni herufi ndogo nyeupe ndani ya giza. Giza la rangi hutengenezwa na wino nne zinazopigwa moja baada ya nyingine, na karatasi ikisogea hata kwa unywele, wino mmoja unaingia ndani ya herufi. Tarehe kubwa haitaathirika. Anwani ya ukumbi kwa fonti nyembamba ya pointi 7 itazibwa. Tumia fonti nene isiyo na vikia, na usishuke chini ya pointi 9 kwenye giza la aina hiyo.

Dalili: kiolezo kilipendeza, tarehe halisi haikutosha

Hii ni ya wale wanaotengeneza bango moja la msimu mzima na kubadilisha tarehe kila mechi. Sababu ni kwamba nafasi ilipimwa kwa maneno mafupi. "Jumapili, 3 Mei" inakaa vizuri; "Jumatatu, 28 Septemba" inatoka nje ya eneo shwari na ncha yake inaangukia kwenye mwale. Mtu anapunguza herufi, na bango la mechi hiyo halisomeki. Tengeneza kiolezo kwa kutumia tarehe ndefu kuliko zote na jina la ukumbi refu kuliko yote, na eneo shwari liwe pana kuliko maneno hayo kwa upana wa herufi mbili kila upande.

Dalili: kwenye simu tarehe imekatwa au imechafuka

Siku hizi bango huonwa kwenye simu na watu wengi kabla halijaonwa ukutani. Kuna jaribio la dakika moja: punguza bango zima hadi upana wa pikseli 300 na ulisome. A3 ina upana wa milimita 297, kwa hiyo kila milimita ya karatasi inakuwa karibu pikseli moja. Tarehe ya sentimita mbili na nusu inakuwa na urefu wa pikseli 25, na inasomeka. Ukumbi wenye herufi za sentimita moja unakuwa pikseli 10, unasomeka kwa kukaza macho. Kitu chochote cha milimita 5 kimekwisha.

Kama tarehe ni kubwa na bado imechafuka, tazama rangi yake. JPEG kwa kawaida hutunza mwanga kwa rezolusheni kamili lakini hutunza rangi kwa nusu ya rezolusheni, kwa upana na kwa urefu. Tarehe nyekundu juu ya giza la bluu inategemea tofauti ya rangi zaidi kuliko ya mwanga, kwa hiyo ndiyo inayoumia kwanza: kingo zake zinavuja. Tarehe nyeupe inategemea mwanga na inabaki kali. Kama mwandaaji anang'ang'ania nyekundu, ipe jina la tamasha, ambalo ni kubwa, na uache tarehe na ukumbi viwe vyeupe.

Kukatwa ni hesabu nyingine. Ukibandika A3 mahali panapokubali uwiano wa 4 kwa 5, bango la pikseli 3508 kwa 4961 linabaki na urefu wa 4385. Zinapotea pikseli 576, kwa kawaida 288 juu na 288 chini. Hizo 288 ni karibu sentimita mbili na nusu, sawa na urefu wa tarehe yangu. Kwa hiyo kwenye ile nafasi ya sentimita 9 niliyopata kwa kurefusha picha, sianzi kuandika chochote hadi niwe nimeshuka sentimita tatu na nusu kutoka ukingoni. Kwa skrini nzima ya simu, ya 9 kwa 16, sikati kabisa: narefusha juu tena kwa rangi ile ile ya 14, 10, 32, hadi urefu wa pikseli 6236, nasogeza tarehe katikati ya nafasi mpya, narudisha punje, kisha napima tena `Mean` na `Std Dev` mahali ilipohamia.